Kabla ya kuutafsiri wimbo wa Mama, mwandikie barua

Leo nazungumza hasa na wewe mwanakwaya, mwalimu wa kwaya, mzee wa kanisa au katekista wa upande wa Mbulu na Hanang, ingawa jambo lenyewe linaweza kumgusa mtu wa usharika wowote unaosali katika eneo lenye lugha zaidi ya moja.

Kutoka Mbulu mjini hadi Dongobesh na Haydom, na kutoka Katesh hadi Basotu, ibada nyingi huongozwa kwa Kiswahili. Lakini siku ya msiba mambo hubadilika. Bibi aliyezoea kuitikia nyimbo za Kiswahili kwa kuzikariri, siku anapozika mwanawe hutafuta maneno ya Kiiraqw au ya Kidatoga. Wananchi wa Hanang walionja jambo hilo baada ya tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoingia Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Katika matanga ya namna ile, wimbo ambao mfiwa anauelewa neno kwa neno unamfikia mahali ambapo mahubiri marefu hayafiki.

Kwa hiyo kwaya hufanya nini? Husikia redioni wimbo mzuri wa faraja, uliotungwa na mama mmoja wa mkoa mwingine. Mwalimu anauandika kwenye daftari, kijana anayekijua vizuri Kiiraqw anautafsiri jioni moja, na Jumapili unaimbwa. Kanisa linalia na kufarijika. Mtu anarekodi kwa simu, na kufikia Jumatatu wimbo umeenea kwenye makundi ya WhatsApp ukiitwa wimbo wa kwaya hiyo. Kila aliyehusika alikuwa na nia njema. Mama aliyeutunga ndiye pekee ambaye hakuulizwa neno.

Maoni yangu ni haya: anapaswa kuulizwa, aulizwe kwa maandishi, na aulizwe kabla ya zoezi la kwanza. Kusema tunamwimbia Mungu hakutuondolei wajibu huo. Naona kunatuongezea.

Fungua Waraka wa Paulo kwa Filemoni. Ni mfupi, aya 25 tu, na kiini chake ni barua ya kuomba. Onesimo alikuwa pamoja na Paulo gerezani na alikuwa akimsaidia katika kazi ya Injili. Paulo anasema wazi kwamba angependa kubaki naye. Sababu yake ni njema na kazi ni ya Bwana. Hata hivyo, katika aya ya 14 anaeleza kwamba hakutaka kufanya lolote bila ridhaa ya Filemoni, ili wema wake utoke moyoni na usiwe wa kulazimishwa. Kabla ya hapo amekwisha kusema kwamba angeweza hata kuamuru, lakini kwa ajili ya upendo amechagua kusihi. Tena katika aya ya 18 na 19 anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama kuna deni, adaiwe yeye.

Onesimo alikuwa mtu, na mtu si mali. Wala simlinganishi na wimbo. Ninachotaka tukione ni jinsi mtume anavyoomba. Anasema yeye ni nani, anaeleza anachotaka na sababu yake, anachukua gharama kwa jina lake, kisha anamwachia mwenzake nafasi ya kuamua. Kwaya nzima inaweza kujifunza kuandika barua kutoka kwenye ukurasa huo mmoja.

Sasa utauliza: mbona kuimba tu hatujawahi kuandikiana barua? Kutafsiri kuna tofauti gani?

Tofauti ni kubwa. Unapoimba wimbo wa mtu kwa Kiswahili chake, maneno yanabaki yake. Unapoutafsiri, unatia maneno mapya kinywani mwake, na yeye hawezi kuyasoma. Chukua neno moja tu, jina la Mungu. Kiiraqw kina neno la asili, Looaa, ambalo limefungamana pia na jua. Katika imani ya asili ya Wairaqw, Looaa huzungumzwa kama wa kike, kama mama mwenye huruma anayewalinda watu, tofauti na pepo wa ardhini na majini wanaoogopwa. Tuseme basi yule mama ametunga wimbo ambao kila ubeti unamwita Mungu Baba. Mtafsiri akiandika Looaa, mzee wa Mbulu anasikia umama ambao mtunzi hakuuandika, na pengine anasikia na imani ya zamani. Akiacha neno Mungu kama lilivyo, mzee anasikia neno la kanisani, lakini halimgusi kama lile alilolisikia kwa bibi yake.

Hapa sitaki kuamua lipi ni sahihi. Wapo Wakristo wenye sababu nzuri kwa kila upande, na kila kanisa lina desturi yake. Wanaoutafsiri wimbo kwa Kidatoga nao watakutana na swali la aina hiyohiyo katika neno Aseeta. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo unagusa imani aliyoitangaza mtunzi kwa jina lake, kwa hiyo ana haki ya kujua kabla haujaimbwa.

Kisha kuna sauti. Kiswahili kina silabi zinazoishia na irabu, ndiyo maana neno kama ataniinua linakaa juu ya noti sita bila taabu. Kiiraqw kina maneno yanayoishia na konsonanti, na tena kurefusha au kufupisha irabu kunaweza kubadili maana. Ukiweka irabu fupi juu ya noti ndefu, msikilizaji anaweza kusikia neno jingine kabisa. Mtafsiri mwema atalazimika kuongeza noti hapa, kupunguza pale, au kugeuza mpangilio wa mstari. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na haina ubaya. Ila akifanya hivyo ameshagusa muziki pia, na huenda muziki ulitungwa na mtu mwingine.

Sheria ya nchi inaliona jambo hili hivyohivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitaja tafsiri miongoni mwa haki za mtunzi. Inampa pia haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi na haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa. Haki za kiuchumi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo hata mtunzi akishafariki, kuna warithi wa kuulizwa.

Muda huo ukikwisha, mlango unafunguka. Fanny Crosby, yule mama kipofu wa Marekani ambaye nyimbo zake kadhaa tunaziimba kwa Kiswahili, alifariki mwaka 1915. Maneno yake ya Kiingereza unaweza kuyatafsiri leo bila kumwomba mtu. Lakini angalia mtego uliopo. Ukiwa huna Kiingereza, ukachukua tafsiri ya Kiswahili iliyomo kitabuni na kuitafsiri hiyo kwa Kiiraqw, unatumia kazi ya mtu wa pili. Aliyeufanya ule utenzi wa Kiswahili naye ni mwandishi, na haki yake huhesabiwa peke yake. Uliza kwanza kitabu kilichapishwa na nani, kisha mwandikie mchapishaji.

Turudi kwa mama yetu aliye hai. Kabla hujaandika, fahamu kwamba wimbo mmoja unaweza kuwa na watu watatu nyuma yake. Yupo aliyetunga maneno, yupo aliyetunga au kupanga muziki, na yupo aliyegharimia rekodi. Mara nyingine wote ni mtu mmoja. Mara nyingine mama alitunga, mwalimu wake wa kwaya akapanga sauti, na studio ikarekodi. Kama mtaimba kwa sauti zenu na vyombo vyenu, rekodi ya studio haiwahusu. Mkitaka kuimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa, hapo mnahitaji ruhusa ya mwenye rekodi, na ruhusa ya mama haitoshi.

Kumpata si kugumu kama watu wanavyodhani. Soma jalada la kanda au diski, au maelezo yaliyo chini ya video yake. Pigia simu ofisi ya kanisa analosali. Ukishindwa, ulizia Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ambako watunzi wengi wamesajili kazi zao. Ukipata namba yake, mpigie umwamkie, umweleze kwa kifupi, umwombe anuani ya kutuma barua. Muulize pia kama haki za wimbo bado ziko kwake au alimkabidhi mtu mwingine kwa mkataba. Swali hilo moja linaepusha aibu nyingi, maana kuna watunzi waliouza haki zao, na ruhusa yao peke yake haitawakinga ninyi.

Usitosheke na simu. Kwenye simu mama atasema kwa furaha, imbeni tu wanangu, Mungu awabariki. Amekubali nini? Kuimba Jumapili moja au kurekodi albamu? Kwa Kiswahili au kwa Kiiraqw? Mwaka ujao yeye atakumbuka hivi, ninyi mtakumbuka vile, na ugomvi utaingia kati ya watu walioanza kwa baraka.

Huu hapa ni mfano wa barua. Nimeuandika kana kwamba unatoka kwenye kwaya ya usharika ulio karibu na Katesh. Badili mambo kulingana na hali yenu, ila usipunguze sehemu yoyote.

Mpendwa Mama ........,

Shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Sisi ni kwaya ya usharika wa ........, wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Tuko waimbaji 34. Tunakuandikia kwa idhini ya baraza la wazee wa usharika, kufuatia mazungumzo yetu ya simu ya tarehe .........

Tunaomba ruhusa yako kuutafsiri kwa Kiiraqw wimbo wako uitwao ........, beti tatu na kiitikio, kama tulivyousikia katika albamu yako ya mwaka .........

Sababu yetu ni hii. Katika usharika wetu wapo wazee wengi, hasa akina mama, ambao Kiiraqw ndiyo lugha yao ya nyumbani. Tunapoimba katika mazishi na ibada za faraja, hawapati maana yote ya maneno ya Kiswahili. Wimbo wako unasema jambo tunalotaka walisikie kwa lugha yao.

Tungependa kufanya mambo matatu tu: kuuimba katika ibada na misiba ya usharika wetu, kuchapisha nakala 60 za karatasi za kugawa bure, na kuweka video moja katika ukurasa wa YouTube wa usharika, bila kuomba malipo kwa watazamaji wala kuruhusu matangazo ya biashara. Hatutauza wimbo huu, hatutaurekodi studio, wala hatutaruhusu kwaya nyingine kuutumia. Tukitaka lolote zaidi ya hayo, tutakuandikia upya.

Kila nakala na video itakuwa na maneno haya: Maneno ya Kiswahili na ........ (jina lako kama unavyotaka liandikwe), mwaka ......... Muziki na ......... Tafsiri ya Kiiraqw na ........, mwaka ........, kwa ruhusa ya mtunzi. Kabla ya kuimba, kiongozi atalitaja jina lako kwa sauti.

Tumeambatanisha tafsiri tuliyoiandaa. Chini ya kila mstari wa Kiiraqw tumeandika kwa Kiswahili maana yake halisi, ili uone tulichobadili. Tunaomba uangalie hasa ubeti wa pili, ambapo ilitubidi kuchagua neno la kumtaja Mungu, na kiitikio, ambapo tumegeuza mpangilio wa maneno ili yakae kwenye tuni. Usiporidhika na mahali popote, tutarekebisha au tutaacha.

Kama kuna malipo, tafadhali tutajie kiasi na namna ya kulipa, nasi tutakujibu kama tunaweza. Kama muziki au haki nyingine ziko kwa mtu mwingine, tunaomba utuelekeze kwake.

Hatutaanza mazoezi mpaka tupate jibu lako. Ukikubali, tafadhali weka sahihi katika nakala moja ya barua hii na uturudishie. Ukikataa, tutaheshimu, na tutaendelea kukuombea katika utumishi wako.

Wako katika Kristo,
Mwenyekiti wa kwaya (jina, sahihi, simu)
Mtafsiri (jina, sahihi)
Mchungaji wa usharika (jina, sahihi, muhuri)

Barua inaishia hapo. Ukipiga chapa inaingia kwenye kurasa mbili. Sasa nieleze sehemu tatu ambazo kwaya nyingi zingependa kuziruka.

Ya kwanza ni ile orodha ya mambo matatu. Watu huandika tu kwamba wanaomba kuutumia wimbo kwa kazi ya Mungu. Sentensi hiyo haina mipaka, na mtunzi mwenye busara ataogopa kuitia sahihi. Ukisema nakala 60, video moja na ibada za usharika wetu, anajua anatoa nini. Mipaka inamlinda hata mtafsiri. Kwaya ya jirani ikija kuomba karatasi, mna jibu lililoandikwa: mwandikieni mtunzi na ninyi, namba yake hii hapa.

Ya pili ni ile tafsiri ya kurudisha maana kwa Kiswahili. Hii ndiyo inayoonyesha kama mnaomba ruhusa kweli au mnatafuta sahihi tu. Mama wa mkoa mwingine hasomi Kiiraqw. Ukimpelekea karatasi ya Kiiraqw peke yake, umemwomba abariki asichokijua. Kazi hii asiifanye mtafsiri mwenyewe. Mpe mtu mwingine anayekijua Kiiraqw, ambaye hajauona wimbo wa Kiswahili, aandike kwa Kiswahili anachokielewa mstari kwa mstari. Akileta jambo lililo mbali na wimbo wa asili, mmegundua kosa kabla halijafika madhabahuni. Tuseme mtunzi aliandika kwamba Bwana atakuinua, na msomaji wenu anarudisha kwamba Bwana atakubeba. Pengine ni tofauti ndogo, pengine mtunzi alikusudia ufufuo na ninyi mmeimba faraja ya safari. Yeye ndiye wa kusema.

Ya tatu ni maneno ya kutambua waliofanya kazi. Tunao mfano wa heshima hapa nchini. Mwaka 1966 mchungaji wa Kilutheri, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliandika maneno ya Kijerumani kutokana nao, na Howard Olson, aliyefundisha Makumira, aliutafsiri kwa Kiingereza. Leo ukifungua kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, katika namba 116 utakuta jina la Leupold na mwaka wake, kisha maelezo kwamba ameufuata wimbo wa Kiswahili wa Kyamanywa wa 1966, na jina la wimbo limeandikwa kwa Kiswahili chake.

Tazama neno hilo, ameufuata. Halisemi ametafsiri neno kwa neno. Ni namna ya uaminifu kwa pande mbili: Mjerumani anajua wimbo ulitoka Tanzania kwa nani, na Kyamanywa habebeshwi kila neno la Kijerumani. Nanyi chagueni hivyohivyo. Kama mmekaa karibu na maneno ya mama, andikeni tafsiri. Kama tuni iliwalazimisha kwenda mbali, andikeni kwamba maneno ya Kiiraqw yanafuata wimbo wake wa Kiswahili, na mwambieni hivyo katika barua.

Jina la mtafsiri nalo lisifichwe kwa kisingizio cha unyenyekevu. Katika Warumi 16 aya ya 22, Tertio, aliyeuandika ule waraka kwa mkono, anatoa salamu kwa jina lake, na Paulo hakulifuta. Tena kuna faida: tafsiri ikiwa na kosa, watu wanajua wamuulize nani, na lawama haimwendei mama asiyejua Kiiraqw.

Jina likae pale wimbo ulipo. Katika karatasi, liwe chini ya kichwa cha wimbo na lisiachwe kwenye daftari la mwalimu. Katika video, liandikwe ndani ya picha yenyewe, kwa sababu maelezo ya chini hubaki nyuma mtu anapoihamisha kwenda WhatsApp. Katika ibada, litajwe kwa mdomo, maana wengi wa wale tunaowaimbia hawashiki karatasi.

Na jibu likichelewa? Mwezi ukipita, pigeni simu tena kwa adabu, au mwombeni mchungaji wake awakumbushe. Kimya hakigeuki kuwa ruhusa kwa sababu tarehe ya tamasha imefika. Akitaja malipo, msikasirike na kusema anauza Injili. Huenda wimbo ndio unaomsomeshea watoto. Mwelezeni hali yenu na mwombe apunguze, au punguzeni mnachoomba: labda video iondoke, ibaki kuimba na karatasi.

Akikataa je? Hapa ndipo Filemoni anapotupima. Kama jibu la hapana haliwezekani, basi hatukuomba, tulitoa taarifa. Anaweza kuwa na sababu asiyotaka kuisema: pengine aliutunga baada ya kumzika mtoto wake, na hataki maneno yale yaguswe. Wimbo wake uacheni ukae kwa Kiswahili chake, na mfiwa mtafutieni njia nyingine.

Njia ipo karibu. Wairaqw wana slufay, sala ya baraka ya kishairi ambayo mzee huitamka na watu humwitikia kwa pamoja. Waliokulia Mbulu wanaijua sauti ya kuitikia ile. Kwaya inaweza kukaa na wazee wa kanisa wanaoijua, na kwa ridhaa yao kutunga maneno mapya ya Kikristo ya faraja, kwa Kiiraqw tangu mwanzo, kwa mwendo ambao bibi hahitaji kufundishwa. Naona hata mama akikubali, jambo hili lingefaa kufanywa. Lakini hao wazee nao waombwe, na majina yao yaandikwe. Kuwachukulia maneno bila kuwauliza kwa sababu hawana jalada la diski kutakuwa kosa lilelile.

Basi, ndugu yangu mzee wa kanisa, kwaya ikikuletea wimbo uliotafsiriwa na kuomba nafasi katika ratiba ya ibada, waulize swali moja: barua ya mtunzi iko wapi? Ikiwepo, ifunge katika jalada la usharika ili hata viongozi wajao waikute. Isipokuwepo, waambie wimbo usubiri, na uwape karatasi waanze kuandika.

Jumapili njema, na amani ya Bwana iwe nanyi.